Picha ya uthibitisho wa trigonometria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuanzia upande mmoja na kuepuka hoja ya mduara

Kila tunapofika mada ya trigonometria kidato cha tano, simu yangu hujaa picha za daftari. Mwanafunzi amefanya zoezi la "thibitisha kwamba", amepiga picha, na chini ameandika: "Mwalimu, hii ni sahihi?" Mara nyingi hesabu zenyewe ni safi, hakuna alama iliyokosewa, na bado uthibitisho haujasimama. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Karibu majibu yote yanatumia zoezi moja, nalo ni hili:

```
cos x / (1 − sin x) = (1 + sin x) / cos x
```

Nitaliita "zoezi letu". Katika sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili, kama tulivyojifunza shule ya msingi.

## Misingi

1. Aidentiti inatofautianaje na mlinganyo wa kawaida?

Mlinganyo wa kawaida hukuuliza pembe ni ipi. Kwa mfano `sin x = cos x` ni kweli kwa nyuzi 45 na 225, lakini si kweli kwa nyuzi 30, na kazi yako ni kuzitafuta pembe zinazokubali. Aidentiti haikuulizi pembe. Inadai kwamba pande mbili ni sawa kwa kila pembe ambayo pande zote mbili zina thamani, na kazi yako ni kuonyesha kwa nini. Kwa hiyo nikiona picha inayoishia na "x = 30°", najua mwandishi ameanza kujibu swali jingine kabisa.

Kabla ya kuanza, lijaribu zoezi kwa pembe moja. Chukua nyuzi 20: kosini ni 0.9397 na sini ni 0.3420. Upande wa kushoto unakuwa 0.9397 ÷ 0.6580, yaani 1.428. Upande wa kulia unakuwa 1.3420 ÷ 0.9397, yaani 1.428. Jaribio hili halithibitishi chochote kuhusu pembe nyingine, ila linakuhakikishia kwamba hupotezi saa nzima kwenye zoezi lililokosewa kuchapwa (tazama swali la 13). Usijaribu kwa nyuzi 45, kwa sababu hapo sini na kosini ni sawa, na kosa la kuzibadilishana litajificha. Nyuzi 0 na 90 nazo hazifai, maana huko kila kitu ni sifuri, moja, au hakina thamani.

2. Mwalimu, nimezidisha pande zote mbili nikafika kwenye kitu cha kweli. Mbona umeweka alama ya kuuliza?

Hii ndiyo picha ninayoipokea kuliko zote. Inakuwa hivi:

```
cos x / (1 − sin x) = (1 + sin x) / cos x
cos x · cos x = (1 + sin x)(1 − sin x)
cos²x = 1 − sin²x
cos²x = cos²x
```

Chini yake kuna maneno "imethibitishwa" yaliyopigiwa mstari mara mbili. Hakuna hesabu iliyokosewa. Tatizo liko kwenye mstari wa kwanza kabisa. Ulipoandika pande mbili na kuweka alama ya usawa katikati, umeshadai kwamba ni sawa, na hilo ndilo jambo uliloombwa ulionyeshe. Mistari yote iliyofuata imesimama juu ya dai hilo. Ukiisoma kazi yako kwa uaminifu, inasema: "Kama zoezi ni kweli, basi kosini mraba ni sawa na kosini mraba." Lakini kwamba kosini mraba ni sawa na kosini mraba tulilijua tangu mwanzo, hata kabla ya kulisoma zoezi.

Wengi hapa hunijibu: "Lakini nimefika kwenye ukweli, ningefikaje kama nimeanza na uongo?" Unafika, tena kirahisi. Tazama dai hili, ambalo ni la uongo:

```
√(1 − sin²x) = cos x
```

Lifanyie kama ulivyofanya zoezi letu, safari hii kwa kuweka pande zote mbili kwenye kipeo cha pili:

```
1 − sin²x = cos²x
cos²x = cos²x
```

Umefika kwenye ukweli ule ule. Sasa weka nyuzi 120. Sini mraba ni 0.75, kwa hiyo kushoto kuna kipeuo cha pili cha 0.25, yaani 0.5. Kulia kuna kosini ya nyuzi 120, ambayo ni −0.5. Dai halisimami, na bado njia yako imelipitisha. Njia inayopitisha ukweli na uongo kwa mlango mmoja haiwezi kuitwa uthibitisho, hata siku inapopitisha ukweli.

3. Kwa hiyo kazi yangu yote ni ya kutupa?

Hapana, na tafadhali usiifute. Kazi hiyo ni ya kutafutia njia. Inachokosa ni mwelekeo. Swali la kujiuliza kwa kila mstari ni hili: je, naweza kurudi kutoka mstari huu kwenda ule wa juu yake? Kuzidisha kimshazari kunarudishika, mradi ulichozidishia si sifuri, kwa sababu unaweza kugawanya tena. Kuweka kwenye kipeo cha pili hakurudishiki, maana 0.5 na −0.5 zikishapandishwa huwa kitu kimoja na huwezi tena kuzitenganisha. Ndiyo maana dai la uongo la hapo juu lilipita.

Katika zoezi letu hatua zote zinarudishika, basi isome picha yako kutoka chini kwenda juu na uiandike upya kwa mpangilio huo:

```
cos²x = 1 − sin²x
cos x · cos x = (1 + sin x)(1 − sin x)
cos x / (1 − sin x) = (1 + sin x) / cos x
```

Kati ya mstari wa pili na wa tatu andika kwamba umegawanya pande zote kwa `cos x (1 − sin x)`, isiyokuwa sifuri. Sasa unaanza na jambo linalojulikana na kumalizia na jambo lililoulizwa. Huu ni uthibitisho kamili. Mistari ni ile ile, isipokuwa msomaji sasa hatakiwi kukuamini mapema.

## Kuanzia upande mmoja

4. "Anza upande mmoja" maana yake hasa ni nini?

Maana yake ni kwamba unachagua upande mmoja, unauandika peke yake, na unaubadilisha sura hatua kwa hatua bila kubadilisha thamani yake, hadi utoke na sura ya upande wa pili. Zoezi letu kwa njia hiyo linakuwa hivi:

```
LHS = cos x / (1 − sin x)
    = cos x (1 + sin x) / [(1 − sin x)(1 + sin x)]
    = cos x (1 + sin x) / (1 − sin²x)
    = cos x (1 + sin x) / cos²x
    = (1 + sin x) / cos x
    = RHS
```

Herufi LHS ni upande wa kushoto na RHS ni upande wa kulia, kama zinavyoandikwa ubaoni. Angalia alama za usawa zinavyosimama chini kwa chini. Kila moja inasema "kitu kile kile, sura nyingine", na kila moja ina sababu yake. Ya kwanza: tumezidisha juu na chini kwa kitu kimoja, sawa na kuzidisha kwa 1. Ya pili: tofauti ya miraba miwili. Ya tatu: kanuni ya Pithagorasi, `sin²x + cos²x = 1`. Ya nne: tumepunguza kosini moja juu na moja chini. Upande wa kulia haukuguswa wala kutajwa hadi mstari wa mwisho, na kwa sababu hiyo hakuna mahali pa kuazima kile kinachothibitishwa.

5. Nitajuaje kwamba nizidishe kwa 1 + sin x? Sio kama umebahatisha?

Kuna dalili mbili. Ya kwanza iko kwenye asili. Ukiona `1 − sin x` chini ya mstari, kumbuka kwamba mwenzake ni `1 + sin x`, na wakizidishwa hutoa `1 − sin²x`, ambayo ni kosini mraba. Asili yenye vipande viwili inageuka kuwa kipande kimoja. Hali ni hiyo hiyo kwa `1 + cos x`, na kwa `sec x − tan x`, ambayo ikizidishwa na `sec x + tan x` hutoa 1.

Dalili ya pili iko upande wa kulia: unataka `1 + sin x` itokee juu, na kwa sasa haipo. Basi ilete. Hapa wanafunzi hushtuka na kuuliza kama kuangalia upande wa pili si kuibia. Si kuibia. Kuuangalia upande wa pili ili kujua unakokwenda ni jambo moja, na kuutumia kama sababu ya hatua ni jambo jingine. Msafiri wa Dodoma anajua anakwenda Dodoma, lakini kulijua jina la mji hakumfikishi. Katika swali la 4, sababu ya kuzidisha juu na chini kwa `1 + sin x` ni kwamba kufanya hivyo hakubadilishi thamani. Sababu hiyo ingesimama hata kama upande wa kulia ungefunikwa kwa karatasi.

6. Nianze na upande upi?

Kwa kawaida ule wenye vitu vingi: wenye kujumlisha sehemu mbili, wenye mabano, au wenye sekanti na kotanjenti zinazoweza kugeuzwa kuwa sini na kosini. Kurahisisha kitu kigumu ni kwepesi kuliko kukigumisha kitu rahisi. Pande zikilingana kwa ugumu, kama katika zoezi letu, chagua wowote. Ukianzia kulia, zidisha juu na chini kwa `cos x`, geuza `cos²x` ya chini kuwa `(1 − sin x)(1 + sin x)`, kisha punguza `1 + sin x`. Utafika kushoto bila taabu.

Ukiona mistari inarefuka na vipeo vinapanda badala ya kushuka, acha. Geuza uanzie upande mwingine. Hakuna anayekudai maelezo ya njia uliyoiacha, ila ipige mstari ili msahihishaji asiisome kama sehemu ya jibu.

7. Nimekwama katikati. Naweza kufanya upande wa kushoto peke yake, halafu wa kulia peke yake, zikutane?

Ndiyo, na wakati mwingine ndiyo njia nzuri kuliko zote. Chukua `tan²A − sin²A = tan²A sin²A`. Kushoto:

```
LHS = sin²A / cos²A − sin²A
    = sin²A (1 − cos²A) / cos²A
    = sin⁴A / cos²A
```

Kisha kulia, kwa safu yake yenyewe:

```
RHS = (sin²A / cos²A) · sin²A
    = sin⁴A / cos²A
```

Pande zote mbili ni sawa na kitu kimoja, basi ni sawa zenyewe kwa zenyewe. Hakuna hatua iliyodhani usawa huo. Sharti ni kwamba safu mbili zisigusane: hakuna kuvusha kitu kutoka huku kwenda kule, hakuna kuzidisha zote mbili kwa pamoja. Mwanafunzi anayechora mstari wa wima katikati ya ukurasa, kushoto safu moja na kulia safu nyingine, hukosea mara chache sana hapa.

8. Na nikitoa upande wa kulia kutoka wa kushoto, nikapata sifuri?

Inakubalika, mradi uandike `LHS − RHS` kama kitu kimoja na ukirahisishe hadi kiwe 0. Hapo umeanza na tofauti ambayo huijui thamani yake, na ukaipata. Isichanganywe na ile picha inayoandika `LHS = RHS`, ikahamisha vitu, ikaishia na `0 = 0`. Hiyo ni ya swali la 2.

## Hoja ya mduara

9. Hoja ya mduara ndiyo kosa lile lile la swali la 2?

Ni ndugu, lakini si pacha. La swali la 2 linaonekana kwa macho: dai limeandikwa mstari wa kwanza. Kuna mduara mwingine ambao hauonekani kwenye ukurasa, kwa sababu umefichwa ndani ya kanuni uliyoitumia.

Mfano ulionifikia katika picha iliyoandikwa vizuri mno, mwandiko wa kupendeza: mwanafunzi alitakiwa kuthibitisha `sin²x + cos²x = 1`. Akaanza na `sec²x − tan²x = 1`, akazidisha kila kipande kwa `cos²x`, akapata `1 − sin²x = cos²x`, akahamisha, akamaliza. Ameanza na jambo lililo kweli, hatua zote zinakwenda mbele, hakuna dai lililoandikwa mapema. Nikamuuliza swali moja: "Hiyo ya sekanti na tanjenti umeijuaje?" Akafungua daftari lake la nyuma akaikuta: tulikuwa tumeipata kwa kuchukua `sin²x + cos²x = 1` na kuigawanya kwa `cos²x`. Amepanda ngazi aliyoifunga kwenye dari ambalo bado hajalifikia.

Hakuna anayeweza kuugundua mduara wa namna hii kwa kusoma picha peke yake. Hugunduliwa kwa kuuliza kanuni imetoka wapi.

10. Basi ni kanuni zipi ninazoruhusiwa kutumia bila kuzithibitisha?

Zile zilizojengwa kabla ya ile unayoithibitisha. Shuleni mpangilio huwa huu: kwanza maana za sini, kosini na tanjenti kutoka kwenye pembetatu au duara. Kisha kanuni ya Pithagorasi. Kisha zile zinazotokana nayo kwa kugawanya, za sekanti na kosekanti. Kisha kanuni za jumla na tofauti ya pembe, kama `cos(A + B)`. Kutoka hapo hupatikana za pembe mara mbili, na mwisho za nusu pembe.

Ukiombwa uthibitishe `cos 2A = 1 − 2 sin²A`, unaweza kutumia `cos(A + A)` pamoja na Pithagorasi, maana zote ziko chini yake. Usitumie `sin²A = (1 − cos 2A) / 2`. Hiyo ni dai lile lile limevaa nguo nyingine. Ihamishe vipande vyake uone.

Zoezi likiwa la kawaida la mtihani, kama letu, huna haja ya kurudi hadi kwenye pembetatu. Pithagorasi inatosha kuwa sakafu.

## Picha yenyewe

11. Kwenye picha nionyeshe nini ili nisaidiwe haraka?

Piga swali lenyewe kama lilivyo kitabuni au ubaoni, pamoja na kazi yako yote tangu mstari wa kwanza. Nikipata nusu ya chini tu siwezi kujua kama `LHS = RHS` iliandikwa juu kama dai au kama lengo, na hilo ndilo linaloamua. Kama umeandika swali kwanza ndipo ukaanza kazi, tenganisha kwa neno: "Kuthibitisha:" kwa swali, "Uthibitisho:" kwa kazi. Neno moja hilo limewaokoa wengi, kwa sababu mstari unaofanana kabisa na kosa la swali la 2 unageuka kuwa nakala ya swali tu, isiyo na hatia.

Mwanga utoke pembeni, si nyuma ya simu, kivuli cha mkono kisilale juu ya kazi. Nilishawahi kumwambia mwanafunzi kwamba hatua yake ya tatu imekosewa, kumbe alama ya kutoa ilikuwa imemezwa na mkunjo wa karatasi. Alifuta kazi sahihi kwa sababu yangu, na nilijisikia vibaya.

12. Ni herufi zipi zinazosomeka vibaya?

Inayosumbua kuliko zote ni ile 2. `sin²x` ni sini ya x, kisha mraba. `sin 2x` ni sini ya pembe iliyozidishwa mara mbili. `sin x²` ni sini ya pembe iliyowekwa mraba. Kwa mwandiko wa haraka zote tatu zinafanana, na kwa nyuzi 30 zile mbili za mwanzo ni 0.25 na 0.866, mbali kabisa. Ipandishe 2 ya kipeo ikae juu kweli, au andika `(sin x)²`.

Ya pili ni thita inayofanana na sifuri. Ya tatu ni mstari wa sehemu uliokatwa mfupi, hata `1 + sin x / cos x` ikasomeka kama 1 kujumlisha tanjenti. Vuta mstari upite chini ya kiasi chote, au weka mabano.

Na usiiache pembe. Wengi huandika `sin² + cos² = 1`. Sini bila pembe haina thamani, na siku zoezi linapokuwa na A na 2A pamoja, pembe zilizoachwa zitachanganyika na hutajua umepotelea wapi.

## Pembezoni

13. Nimejaribu kila njia na zoezi halitoki. Inawezekana limekosewa?

Inawezekana. Rudi kwenye jaribio la swali la 1. Tuseme zoezi letu limenakiliwa `cos x / (1 + sin x) = (1 + sin x) / cos x`. Kwa nyuzi 20, kushoto ni 0.9397 ÷ 1.3420, yaani 0.700, na kulia ni 1.428. Pembe moja tu inatosha kuliangusha dai la "kila pembe". Andika pembe hiyo na thamani zote mbili, na hilo ni jibu kamili.

Jambo la kikokotozi: kama zoezi lina x peke yake bila nyuzi zilizotajwa, haijalishi kikokotozi kiko kwenye nyuzi au radiani. Aidentiti ya kweli itasimama kote kuwili, ingawa namba zitakuwa nyingine.

14. Kwa nyuzi 270 upande wa kushoto wa zoezi letu una thamani, wa kulia hauna. Je, uthibitisho umevunjika?

Swali zuri, na nimeulizwa na wanafunzi wachache wenye jicho kali. Kwa nyuzi 270 sini ni −1 na kosini ni 0. Kushoto tunapata 0 ÷ 2, ambayo ni 0. Kulia tunapata 0 ÷ 0, ambayo haina maana. Na ukiitazama kazi ya swali la 4, hatua ya kwanza ilizidisha juu na chini kwa `1 + sin x`, ambayo kwa nyuzi 270 ni sifuri. Hatua ilikufa pale pale ambapo upande wa kulia hauna thamani.

Haujavunjika, kwa sababu aidentiti inadai usawa pale tu ambapo pande zote mbili zina thamani. Nyuzi 90 na 270, pamoja na zinazojirudia kila baada ya nyuzi 360, ziko nje ya dai. Mwandishi makini huongeza mstari mmoja mwanzoni: `cos x ≠ 0`. Mstari huo unatosha kuzizuia zote, kwa kuwa `1 − sin x` na `1 + sin x` huwa sifuri pale tu ambapo kosini nayo ni sifuri.

15. Kama Pithagorasi ndiyo sakafu ya trigonometria, basi kuithibitisha Pithagorasi kwa trigonometria ni mduara daima?

Kwa muda mrefu wengi waliamini hivyo. Mmarekani Elisha Loomis, aliyekusanya mamia ya thibitisho za kanuni hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliandika kwamba uthibitisho wa kitrigonometria haupo, kwa kuwa kanuni zote za msingi za trigonometria zimejengwa juu ya Pithagorasi yenyewe. Ni hofu ile ile ya swali la 9.

Lakini si kanuni zote zimejengwa juu yake. Mwaka 2009 Jason Zimba alionyesha njia fupi. Chukua pembe kali mbili, α iliyo kubwa na β iliyo ndogo. Pembe β ni sawa na α ukitoa (α − β), basi tumia mara mbili kanuni ya tofauti ya pembe:

```
cos β = cos(α − (α − β))
      = cos α cos(α − β) + sin α sin(α − β)
      = cos α (cos α cos β + sin α sin β)
        + sin α (sin α cos β − cos α sin β)
      = (cos²α + sin²α) cos β
```

Vipande viwili vyenye `sin α cos α sin β` vimefutana. Kwa kuwa `cos β` si sifuri, gawanya, na kinachobaki ni `cos²α + sin²α = 1`. Mwaka 2023 wasichana wawili wa sekondari mjini New Orleans, Calcea Johnson na Ne'Kiya Jackson, waliwasilisha njia nyingine, inayotumia kanuni ya sini, mbele ya mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Kazi yao ilichapishwa katika jarida la hisabati mwaka 2024.

Ukitaka kumkagua Zimba, mkague kama nilivyomkagua yule mwanafunzi wa sekanti: kanuni ya tofauti ya pembe umeipata wapi? Ukiipata kwa kuchora nukta mbili kwenye duara na kupima umbali kati yake, kama vitabu vingi vifanyavyo, umbali huo umepimwa kwa Pithagorasi, na umejizungusha. Ukiipata kwa kupanga pembetatu zenye pembe mraba, moja juu ya nyingine, na kusoma pande zake kwa maana za sini na kosini tu, Pithagorasi haijaingia popote. Mistari minne ya hapo juu ni ile ile katika hali zote mbili. Tofauti iko kwenye ukurasa ambao haukupigwa picha.